Dola 640 Zinapotoka Ulaya Kuja Kolwezi

Mteja wangu wa Ulaya alituma dola 640. Siku ya nne, akaunti yangu ya Kolwezi ikaonyesha dola 601.36. Nilikuwa nimenakili na kutafsiri saa nyingi za mahojiano ya Kiswahili cha Katanga, nikayapeleka kwa wakati, na yeye akalipa ankara yote bila kupunguza hata senti. Nilipomwandikia kwamba fedha zimepungua, alidhani namdai mara mbili. Karatasi ya benki yake ilionyesha 640 na simu yangu ilionyesha 601.36, na sote wawili tulikuwa tunasema kweli.

Ninaanza na safari ya fedha hizo kwa sababu ukiielewa utajua pa kushika. Akaunti yangu ni ya dola, kama zilivyo akaunti za watu wengi huku, kwa kuwa Kongo benki hutunza dola na faranga bega kwa bega. Lakini dola inayotumwa kutoka Ulaya haiji moja kwa moja. Benki ya mteja haina uhusiano na benki yetu, kwa hiyo huipitisha kwenye benki nyingine yenye akaunti za dola za pande zote mbili, na aghalabu njia hiyo inagusa New York. Hiyo ndiyo benki ya kati. Ikishapita hapo inafika makao makuu ya benki yetu, si tawi la Kolwezi. Mhudumu wa gishe unayemsalimia kila wiki huiona siku ileile unayoiona wewe.

Sasa hesabu. Benki ya mteja ilimtoza ada yake kando, hainihusu. Benki ya kati ilikata dola 20 katika fedha zilizokuwa njiani, zikabaki 620. Benki yangu ikatoza dola 15 za kupokea, na juu ya hizo kodi ya ongezeko la thamani, ambayo kwetu ni asilimia 16, yaani dola 2.40. Mwisho ikakatwa ada ya udhibiti wa fedha za kigeni ya Benki Kuu ya Kongo, 2 kwa kila 1,000, ambayo kwa dola 620 ni 1.24. Toa zote, unapata 601.36. Kila benki ina bei zake, kwa hiyo usizichukue 15 na 20 zangu kama sheria. Omba karatasi ya bei ya benki yako, usome mstari wa fedha zinazopokelewa kutoka nje, na uulize kama bei iliyoandikwa imeshajumlisha kodi au bado.

Angalia kitu kimoja katika hesabu hiyo: karibu makato yote hayatazami ukubwa wa fedha. Dola 20 na dola 17.40 zitakatwa hata ukitumiwa dola 100, na hapo utaondoka na 62.44. Kama mteja angenilipa zile 640 kwa mafungu mawili ya 320, kila fungu lingeingia likiwa dola 282, jumla 564. Ningepoteza dola 37 na ushee kwa sababu tu ya kutaka kulipwa haraka nusu ya kwanza. Tangu hapo kazi ndogo ndogo za mteja mmoja nazikusanya hadi zipite dola 500 ndipo natoa ankara. Mteja mpya nisiyemjua, ambaye lazima nimwombe malipo ya awali, simvumilii hivyo, ila nampa bei inayobeba makato mawili.

Watu wengi wakishagundua makato hukimbilia kumwambia mteja achague OUR. Kwenye fomu ya kutuma fedha kuna sehemu ya ada yenye chaguo tatu: OUR maana yake mtumaji anabeba ada zote, SHA kila upande unabeba zake, BEN mpokeaji anabeba zote. Mifumo mipya ya benki huziandika DEBT, SHAR na CRED, maana ni ileile. OUR inasaidia, lakini isikupe usingizi. Haiondoi bei ambayo benki yako mwenyewe inakutoza wewe mteja wake, wala ile ada ya Benki Kuu, na kwa dola zinazopita Marekani benki ya kati mara nyingine hukata hata hivyo. Njia ninayoiamini ni kuandika ndani ya mkataba kiasi kinachotakiwa kuingia kwenye akaunti, na kwamba pungufu litaongezwa kwenye ankara inayofuata. Mteja akiwa amekubali kabla ya kazi kuanza, ile barua ya aibu ya kudai dola 38 haitaandikwa tena.

Ankara iwe ya dola kama akaunti yako ni ya dola. Mteja wa Ulaya akituma yuro kwenye akaunti ya dola, atabadilisha mtu mwingine kwa bei yake, na hutaulizwa.

Makato yanaudhi, lakini kilichonifundisha kazi hii hasa ni malipo yaliyopotea siku 19.

Mteja alikuwa mwingine, mtafiti anayefuatilia maisha ya wachimbaji wadogo. Alituma Ijumaa. Jumatano hakuna kitu. Nikaenda benki saa mbili asubuhi, wakanijibu kwa upole, «Ngoja kidogo Mama, Kinshasa hawajafungua.» Kweli, sisi huku Lualaba tuko saa moja mbele ya Kinshasa, na idara ya fedha za nje iko kule. Saa nne wakapiga simu: hakuna fedha zenye jina langu. Mteja akanitumia picha ya skrini yenye alama ya kijani na neno la Kiingereza la kusema imelipwa. Niliionyesha kwenye gishe kama mtu aliyeshika hati ya kiwanja. Kijana wa gishe akanirudishia simu. Picha ile inathibitisha kwamba mteja ameamuru, haithibitishi kwamba fedha zimefika popote.

Kinachotakiwa ni nambari ya kufuatilia, inayoitwa UETR. Kila malipo yanayopita mtandao wa SWIFT hupewa nambari hiyo mwanzoni na haibadiliki hadi mwisho, haidhuru yapitie benki ngapi. Ina herufi na tarakimu 36 ukihesabu vistari, katika mafungu ya nane, nne, nne, nne na kumi na mbili. Utaijua kwa sura, maana fungu la tatu huanza na 4:

```
xxxxxxxx-xxxx-4xxx-xxxx-xxxxxxxxxxxx
```

Mteja aiombe benki yake UETR pamoja na nakala ya ujumbe wa malipo, ambao wengi bado wanauita MT103 ingawa mtindo mpya una jina lingine. Benki iliyotuma ikitumia nambari hiyo inaweza kuona fedha zimesimama wapi. Jibu litakuwa moja kati ya manne: hazijatoka kwa mteja, zimesimama benki ya kati, zimefika makao makuu ya benki yako na hazijaingizwa kwenye akaunti, au zimerudishwa. Kila jibu lina mlango wake wa kugonga. Zikiwa benki ya kati, kwenda gishe Kolwezi kila asubuhi ni kuchosha miguu. Benki ya kati haizungumzi na wewe, inazungumza na benki ya mteja iliyoituma. Zikiwa Kinshasa, mteja hawezi kukusaidia tena, hapo ni wewe na tawi lako.

Zangu zilikuwa benki ya kati, na zimeshikwa kwa makosa matatu ambayo nikiyatazama leo naona yote yaliandikwa kwa mkono wetu wenyewe.

La kwanza ni nchi. Mteja alipofungua orodha ya nchi kwenye fomu aliona Congo, akabofya. Congo hiyo ilikuwa ya Brazzaville, ambayo alama yake ni CG. Yetu ni CD, na katika orodha nyingi imejificha chini kidogo kama Congo (DRC) au Congo, Democratic Republic of the. Anwani yangu ikasema CG, huku msimbo wa benki ukisema CD, maana herufi ya tano na ya sita ya msimbo wa SWIFT ndizo nchi. Kompyuta ikaona mtu wa nchi moja mwenye benki ya nchi nyingine, ikasimamisha.

La pili ni jina. Sisi Wakongo tuna jina, postinomu iliyotokana na siasa ya uhalisi ya Mobutu mwanzoni mwa miaka ya 1970, kisha jina la ubatizo, na benki inaandika kwa mpangilio huo. Fomu ya Ulaya ina visanduku viwili, jina la kwanza na la ukoo. Mteja alichukua jina la ubatizo na postinomu, kwa sababu ndivyo ninavyojiita kwenye barua pepe. Jina langu la kwanza la benki halikuonekana kabisa. Tena Marekani ina orodha ya vikwazo kuhusu Kongo tangu 2006, yenye majina ya watu. Huku kwetu kina Ilunga na Kasongo wako kwa maelfu, kwa hiyo jina lisilokamilika linaweza kufanana na la mtu usiyemjua, na mkaguzi akabaki na swali. Jina kamili na tarehe ya kuzaliwa humaliza swali hilo kwa dakika chache.

La tatu lilinichekesha baadaye, siku ile sikucheka. Kwenye sehemu ya maelezo mteja aliandika kwa Kiingereza maneno ya maana hii: kobalti, uchimbaji mdogo, Kolwezi. Alikuwa anataja mada ya utafiti wake. Mkaguzi aliyekaa mbali alisoma kwamba mtu binafsi wa Kolwezi analipwa kwa ajili ya kobalti. Ongeza kwamba tangu Oktoba 2022 Kongo iko kwenye orodha ya kijivu ya FATF, chombo cha kimataifa kinachosimamia vita dhidi ya utakatishaji wa fedha, jambo linalofanya benki za nje kuikagua kwa jicho kali zaidi. Wakauliza: mpokeaji ni nani, anauza madini?

Tukajibu kwa mkataba, ankara na nakala ya kitambulisho. Siku 19 tangu kutumwa, fedha zikaingia.

Baadhi ya wenzangu husikia kisa hiki wakapata funzo baya: andika «zawadi» au «msaada wa familia», zitapita. Zinaweza kupita kweli. Lakini benki ikiuliza mwezi wa tatu kwa nini mgeni asiye ndugu anakupa zawadi kila tarehe 30, utakuwa umeshasema uongo kwa maandishi, na huna ankara inayolingana. Andika ukweli, ila ukweli wa kazi yako, si wa mada ya mteja. Mimi nanakili na kutafsiri. Nikinakili mahojiano ya kobalti au ya harusi, ninachouza ni kunakili. Sehemu ya maelezo kwa desturi ina nafasi ya mistari minne ya herufi 35, kwa hiyo iwe fupi na ianze na nambari ya ankara.

Siku hizi, kabla mteja hajafungua fomu yoyote, namtumia karatasi hii, na namwomba anakili bila kubadilisha:

```
Beneficiary: JINA POSTINOMU PRENOMU
Country:     CD - Congo, Dem. Rep.
Address:     Avenue, No., Manika, Kolwezi
Account:     00000-00000-00000000000-00
IBAN:        none (DR Congo)
SWIFT/BIC:   ....CD..
Charges:     OUR
Details:     INV 2025-07 TRANSCRIPTION
```

Mistari miwili ina maelezo kidogo. Akaunti ya Kongo haina IBAN. Tuna nambari ya tarakimu 23: tano za benki, tano za tawi, kumi na moja za akaunti, mbili za uhakiki. Fomu ikilazimisha IBAN, mteja asibandike herufi CD mbele ya nambari ili ikubali. Achague malipo ya kimataifa nje ya Ulaya, ambako kisanduku cha nambari ya kawaida ya akaunti kipo. Na fomu ikilazimisha msimbo wa posta, ambao Kolwezi hatuutumii, sufuri tano kwa kawaida zinatosha. Barabara, nambari ya nyumba na komuni, iwe Dilala au Manika, viwe vilevile ulivyoviandikisha benki.

Siku za kungoja zihesabu kwa akili. Iliyotumwa Ijumaa mchana Ulaya huanza safari Jumatatu. Dola hazitembei Marekani inapopumzika, kwa mfano tarehe 4 Julai. Mimi siulizi kabla ya siku tano za kazi kupita. Siku ya sita naomba UETR, na siku ya kumi namwomba mteja afungue rasmi ombi la kutafuta malipo katika benki yake. Kumwomba atume tena kabla ya zile za kwanza kupatikana ni hatari kwa wote wawili.

Sasa uthibitisho wa kipato, ambao wengi hukumbuka siku wanayouhitaji. Huku ukiomba mkopo, viza, au hata nyumba nzuri ambayo mwenyewe amezoea wapangaji wa makampuni ya migodi, unaulizwa karatasi ya mshahara. Wewe huna. Ulicho nacho ni releve ya benki, na releve peke yake inasema tu kwamba fedha zimetoka nje zimeingia. Anayeisoma anataka kuona kwa nini. Kwa hiyo kila malipo nayafungia karatasi tatu kwa kibanio: mkataba au barua ya mteja ya kuagiza kazi, ankara yenye nambari, na hati ya kuingiziwa fedha, ambayo kwenye gishe wanaiita avi de kredi, ikiwa na muhuri wa benki. Nambari ya ankara iliyoandikwa kwenye maelezo ya malipo ndiyo uzi unaozishona. Zile dola 38.64 zilizokatwa naziandika kwa mkono pembeni ya ankara, kwa sababu swali la kwanza la afisa wa mikopo huwa ni kwa nini ankara inasema 640 na releve inasema 601.36.

Omba hati hiyo wiki ileile. Baada ya mwaka, tawi litakuambia lazima iombwe Kinshasa, na kutafuta kwenye kumbukumbu kuna bei yake.

Kuhusu fedha za simu: M-Pesa, Airtel Money na Orange Money zinapokea dola huku, na kampuni za kutuma fedha humfikia ndugu yako kwa dakika. Kwa ada, mara nyingi zinaishinda benki kwa malipo madogo. Lakini huduma nyingi za aina hiyo zimewekwa kwa ajili ya kutumiana watu binafsi, na mtumaji akiulizwa sababu huchagua msaada wa familia kwa kuwa ndiyo iliyo juu. Mwaka mzima wa kazi yako utasomeka kama mwaka wa kusaidiwa. Na zikipitia simu ya yaya wako kwa sababu laini yake ina kiwango kikubwa, hizo si kipato chako tena kwa macho ya mtu yeyote. Kwa dola 60 za mara moja mimi napokea kwa simu bila wasiwasi. Kwa mteja wa kila mwezi, sikubali.

Benki yako nayo ina haki ya kuuliza. Malipo ya huduma kutoka nje yako chini ya kanuni za Benki Kuu, kwa hiyo tawi linaweza kukuomba mkataba au ankara kabla ya kuingiza fedha. Wapelekee nakala kabla hawajaomba, mteja mpya anapoanza. Wakiona kazi inakua watataka ujiandikishe, na sheria ya OHADA, ambayo Kongo iliingia 2012, ina ngazi ya mjasiriamali mdogo inayoitwa antreprenan, ambaye hutoa tamko kwenye rejista ya biashara badala ya kufungua kampuni. Ukiwa na karatasi hiyo na nambari ya kodi, ankara yako inabeba nambari ambazo afisa wa mikopo anaweza kuzihakiki mwenyewe. Anwani nayo iwe na ushahidi. Bili ya SNEL kwa kawaida iko kwa jina la mwenye nyumba, kwa hiyo chukua hati ya makazi ya komuni, na uhakikishe mpangilio wa majina yako matatu ni ule wa benki. Majukwaa ya nje yasiyoitambua kadi ya mpiga kura yatakutaka pasipoti, na pasipoti nayo iwe na mpangilio huohuo.

Siku ya kutoa, ukifika gishe, uliza ada ya kutoa kabla ya kusaini, kisha zihesabu noti hapohapo huku ukizigeuza moja moja kwenye mwanga. Noti ya dola iliyochanika ukingoni kiasi cha ukucha, au ya toleo la zamani, sokoni hawaipokei, na kambisti akiichukua anaikata bei. Ukiiona, irudishe kwa kijana yuleyule kabla hujaondoka kwenye kioo: «Samahani ndugu, hii imechanika, nibadilishie.» Huwa anabadilisha. Ukishatoka nje na kurudi, anaweza kukuambia hakukupa yeye.